Wakala Analipwa na Nani? Mwongozo kwa Mchezaji wa Chalinze Kabla ya Kusaini

Mtu anayeegesha gari pembeni ya uwanja Lugoba au Msata, akamwita kijana baada ya ndondo na kumwambia "nitakupeleka Dar", anaweza kuwa wakala mwenye leseni, skauti wa klabu, kiongozi wa klabu, au mtu aliyesikia tu kwamba mpira siku hizi una hela. Kwa maneno hawatofautiani sana, maana wote wanaahidi majaribio, nauli na mahali pa kulala. Tofauti yao iko kwenye mfuko unaowalipa. Ukishajua mtu analipwa na nani, kwa kiasi gani na lini, utajua ushauri wake utaegemea wapi kabla hajafungua mdomo.

Hatua ya kwanza: uliza leseni, tena jina lililomo

Kwa kanuni za mawakala za FIFA zilizoanza kutumika kikamilifu Oktoba 2023, wakala ni mtu binafsi aliyefanya mtihani na kulipa ada ya leseni, dola 600 kwa mwaka. Leseni hutolewa kwa mtu, haitolewi kwa kampuni. Kwa hiyo kadi yenye jina la kampuni na nembo ya mpira haitoshi. Omba jina lake kamili na namba ya leseni, kisha lihakiki kwenye orodha ya mawakala iliyo katika tovuti ya FIFA au kwa kuuliza TFF. Hata mjomba wako akitaka kukaa mezani na klabu kwa niaba yako na kulipwa kwa kazi hiyo, naye anahitaji leseni. Mwanasheria anayekusomea tu mkataba na kukueleza maana yake yuko nje ya hayo, na ndiye mtu ambaye vijana wengi humsahau.

Kama mchezaji hajafika miaka 18, wakala hana ruhusa ya kumfuata kijana peke yake. Anahitaji kwanza idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, na bado kuna umri ambao kabla yake hapaswi hata kuanza mazungumzo. Anayemvuta mtoto wa kidato cha pili kando ya uwanja na kumsainisha karatasi juu ya boneti ya gari amekwishajieleza.

Hatua ya pili: jua anachopaswa kukufanyia

Kumtafutia mchezaji timu ni sehemu ndogo ya kazi, na mara nyingi ndiyo nyepesi. Kazi nzito ni mkataba: muda wake, mshahara, dau la usajili, bonasi, matibabu ukiumia, nyumba, nani anabeba kodi, na hasa njia ya kutokea.

Njia ya kutokea tuliiona ikisumbua nchi nzima. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliweka kwenye akaunti ya Yanga shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akijihesabu kuwa huru. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alikaa nje ya uwanja kwa miezi mpaka klabu zilipoelewana, akaenda Azam katikati ya 2023. Hapa simhukumu aliyemshauri, wala klabu. Ninachosema ni kwamba kifungu cha kuvunja mkataba kinapaswa kusomeka kwa namna moja tu: nani ana haki ya kukitumia, kwa kiasi gani, kwa taarifa ya siku ngapi, na kama klabu ina haki ya kukataa. Kama hayo hayamo, unachomlipa wakala ni pesa ya simu alizopiga.

Hatua ya tatu: soma mkataba wenu ninyi wawili

Kabla ya mkataba na klabu kuna mkataba wa uwakilishi kati yako na wakala. Huu ndio unaosainiwa haraka zaidi na kusomwa kidogo zaidi. Kanuni zinataka usizidi miaka miwili na usijirefushe wenyewe. Ukiisha, mnasaini upya au mnaachana. Kifungu kinachosema "utaendelea isipokuwa mchezaji atoe taarifa" kikatae. Kikatae pia kinachokutoza faini ukijadiliana na klabu mwenyewe, kwa sababu haki hiyo inabaki yako hata kama umempa mtu mmoja kazi ya kukuwakilisha. Na kabla ya kukusainisha, wakala anapaswa kukujulisha kwa maandishi kwamba unaweza kutafuta ushauri huru wa kisheria. Akikuambia mwanasheria atachelewesha dili, chelewesha dili.

Angalia pia kama mkataba unasema ataendelea kulipwa baada ya uwakilishi wake kwisha. Inakubalika, ikiandikwa wazi, aendelee kupata asilimia yake kwenye mkataba wa klabu alioujadili yeye, mradi mkataba huo bado unaishi. Haikubaliki apate chochote kwenye mkataba unaofuata ambao hakuugusa.

Hatua ya nne: piga hesabu ya kamisheni mwenyewe

FIFA iliweka ukomo. Kwa mchezaji anayelipwa chini ya dola 200,000 kwa mwaka, na hapo ndipo walipo karibu wachezaji wote wa ligi yetu, wakala anayemwakilisha yeye peke yake asizidi asilimia 5 ya malipo yake. Akiwakilisha mchezaji na klabu inayomsajili kwa pamoja, jumla isizidi asilimia 10. Mahakama ya Dortmund, Ujerumani, ikaingilia kati, na Desemba 2023 FIFA ikasitisha kwa muda utekelezaji wa vifungu vya ukomo huo na baadhi ya vingine vinavyohusu malipo na kuwakilisha pande mbili. Kwa hiyo usiende mezani ukidhani asilimia 5 itajilinda yenyewe. Itumie kama kipimo, kisha hakikisha namba mliyokubaliana imeandikwa.

Namba hiyo haina maana mpaka ujue ni asilimia ya nini. Tuseme kijana wa miaka 19 kutoka Kiwangwa anaitwa na klabu mbili, zote kwa miaka miwili. Ya kwanza inampa dau la milioni 15 na mshahara wa laki tano kwa mwezi. Ya pili inampa dau la milioni 6 na mshahara wa milioni moja. Kwa miezi 24, ya kwanza inafika milioni 27 na ya pili milioni 30. Sasa kaa upande wa wakala. Akilipwa asilimia 10 ya kila kinachoingia, kwa klabu ya kwanza anapata milioni moja na nusu siku ya kusaini na elfu hamsini kila mwezi, jumla milioni 2.7. Kwa ya pili anapata laki sita siku ya kusaini na laki moja kila mwezi, jumla milioni 3. Mwenye subira atapendekeza ya pili, kama wewe.

Badilisha sentensi moja tu ya mkataba: "wakala atapata asilimia 20 ya dau la usajili." Klabu ya kwanza sasa inampa milioni 3 papo hapo, ya pili milioni 1.2. Atakusifia klabu ya kwanza mpaka uamini. Tena hatasema uongo wowote: milioni 15 mkononi ni hela nyingi, na akikuambia klabu ya pili ina sifa ya kuchelewesha mishahara, huenda ni kweli. Ndiyo maana hesabu hii haikuambii uchague ipi. Inakuambia ni nani umuulize habari za mishahara ya klabu ya pili: wachezaji waliopo pale, usimuulize mtu mwenye milioni 1.8 inayotegemea jibu.

Hivyo basi, elewaneni kwamba kamisheni inahesabiwa kwenye dau, mshahara na bonasi iliyolipwa, na inatoka pale tu fedha inapokuingia. Nyumba, gari na simu zisihesabiwe. Klabu isipolipa miezi mitatu, naye asilipwe miezi mitatu, na utaona atakavyokuwa mkali kudai.

Hatua ya tano: tafuta maslahi yanayogongana

Swali la kwanza ni kama klabu nayo inamlipa. Klabu iliyotenga milioni 30 kwa ajili yako haijali inagawanyaje. Ikimpa wakala milioni 3, wewe unagawiwa milioni 27, hata kama kwenye karatasi inasomeka kwamba hukukatwa kitu. Ukikubali awakilishe pande zote mbili, idhini yako iwe ya maandishi, itolewe kabla ya mazungumzo, na kiasi anachopewa na klabu kionekane.

La pili ni cheo chake. Kocha, katibu au mwajiriwa wa klabu haruhusiwi kuwa wakala. Kocha wa timu anayekupanga na papo hapo anakula asilimia yako ana sababu ya kukupanga ukiwa na goti bovu wakati mnunuzi yuko jukwaani.

La tatu ndilo linalowaumiza watu wa huku zaidi, kwa sababu linakuja kwa sura ya wema. Ni mwalimu aliyekununulia viatu na kukulipia nauli kwenda Mlandizi kwenye majaribio, anayeandika kwamba ukiuzwa siku moja atapata asilimia 30 ya ada ya uhamisho. Tangu Mei 2015 FIFA imekataza mtu mwingine, wakala akiwemo, kumiliki sehemu ya ada ya uhamisho wa baadaye. Lakini jasho la mwalimu yule lina njia halali. Timu yake ikiwa imesajiliwa, nawe umesajiliwa humo rasmi, mchezaji anayekwenda nje ya nchi anaweza kuipatia fidia ya mafunzo na mgawo wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inayogawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu nyingi za vijijini hukosa fedha hizo kwa sababu mchezaji hakuwahi kuandikishwa. Mwambie mwalimu akamilishe usajili wako leo. Utamsaidia kuliko kumsainia asilimia 30 isiyosimama popote.

Hatua ya sita: weka njia ya ushahidi

Kamisheni ipite benki au kwenye simu, na kila malipo yawe na risiti. Usimwachie wakala kadi ya benki, wala usikubali mshahara upitie akaunti yake kwanza. Mkataba na klabu uwe na jina na saini ya wakala aliyeujadili, nawe ubaki na nakala. Mkikorofishana na wote mko nchini, pa kuanzia ni kamati za TFF. Suala likivuka mpaka, mfano klabu ya nje au wakala wa nje, kuna chumba cha mawakala kwenye mahakama ya soka ya FIFA. Kote huko utaulizwa karatasi kwanza, na ujumbe wa wasapu ambao hujaufuta.