Uboho wa ngombe: kuchagua mufupa, kuusafisha na kuupika



Mu soko, mifupa ya ngombe mara nyingi inauzwa bei ya chini kuliko nyama. Lakini kabla ya kulipa, muangalie ndani: uboho unaonyesha namna gani ngombe aliishi.

Uboho ni kile kitu laini kinachojaa ndani ya mufupa. Ule mwekundu unatengeneza damu. Uko mu mbavu, mu uti wa mugongo na ku vichwa vya mifupa mirefu. Ule wa manjano uko katikati ya mifupa ya miguu ya ngombe mukubwa, na karibu wote ni mafuta. Ni akiba ya mwisho ya ngombe. Akikonda sana kwa njaa ao ugonjwa wa muda murefu, hata mafuta hayo yanaisha na maji yanachukua nafasi yake.

Tuseme muuzaji anawaonyesha mifupa miwili ya muundi, imekatwa. Wa kwanza uko na uboho mweupe kidogo wa manjano, umeshikana. Wa pili uko na uboho wa majimaji, unatetemeka kama ute. Huo wa pili muuache, hata kama bei yake ni nusu. Kwa ndama, rangi nyekundu ni ya kawaida. Muangalie kama umeshikana na hauna harufu. Tena, uboho muzuri hauhakikishe kwamba ngombe alikuwa mzima: ngombe aliyekufa mwenyewe haliwe.

Muombe mifupa ikatwe na musumeno, urefu wa vidole vine hivi. Shoka inaacha vipande vidogo vinavyoweza kukwama mu koo.

Ku nyumba, musugue mifupa ku maji baridi, kisha muiloweshe nusu saa mu maji yenye chumvi kidogo ili damu itoke. Bila frigo, mupike siku ileile. Muitie mu maji mapya ya baridi, ichemke dakika tano, povu ya kijivu ipande, na mumwange maji hayo.

Kwa kilo mbili, mutie litri ine za maji safi. Musimamishe vipande ndani ya sufuria, moto mudogo, dakika makumi mbili hivi. Mujaribu na kijiti chembamba: kikiingia bila kusukuma, uboho umeiva. Mukikawia, unayeyuka na kuelea kama mafuta juu ya mchuzi. Mutoe uboho, murudishe mifupa ku moto saa mbili ao tatu ingine.

Uboho huo muuweke mu sombe ao mu maharagi pahali pa mafuta ya kununua. Lakini wazazi wengi wanamupa mutoto maji ya mifupa pahali pa chakula, na hapo ndipo kosa. Uboho unaleta nguvu ya mafuta. Mchuzi uko na protini kidogo, na kalsiyumu inabaki mu mufupa. Mutoto huyo bado anahitaji maharagi, yai ao sambaza ndani ya sahani yake.