Hongera Yenye Uzito: Vidokezo 6 vya Kumpongeza Mwenzako Aliyepata Cheo

Mwenzako kapata cheo! Grupu la kazini limechangamka tangu asubuhi na vidole vyako vinawasha. Andika, ndiyo, tena andika leo leo! Ila kabla hujabonyeza kutuma, hebu tuipitie pamoja posti moja ya aina tunayoijua sote. Tuseme anayepongezwa ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya, na anayeandika ni mwenzake wa wodi hiyo hiyo:

"Eeeh bosi ledi wetu huyoooo! Waliosema hatoboi wako wapi? Sasa tunasubiri nyama choma na kreti mbili, na usitusahau kwenye ufalme wako. Hongera mamaa, umeupiga mwingi!"

Upendo umo, hilo halina ubishi. Lakini mtu wa nje ya grupu akiisoma, hajui dada huyu kapata cheo gani wala kwa kazi ipi. Tuisafishe. Dakika kumi zinatosha kabisa.

1. Kwanza, cheo gani hasa?

Hapa wengi huteleza. Muuguzi akitoka Afisa Muuguzi Daraja la Pili kwenda Daraja la Kwanza, amepandishwa cheo. Akipewa jukumu la kuongoza wodi, ameteuliwa kuwa Muuguzi Mfawidhi. Akishika nafasi hiyo kwa muda tu, anakaimu. Ni mambo matatu tofauti, na ukimwita mfawidhi mtu anayekaimu, unamweka pabaya mbele ya wakubwa wake. Mbinu ni rahisi: mtumie ujumbe wa faragha, "Hongera dada! Barua imekuandikaje, na naweza kutangaza?" Huenda bado hajamwambia hata mama yake. Mwache atangulie yeye, wewe ufuate. Dada wa mfano wetu ameteuliwa kuwa Muuguzi Mfawidhi wa wodi ya wazazi, na barua anayo mkononi.

2. Vijembe nje!

"Waliosema hatoboi wako wapi?" Swali hilo linasomwa na watu wa wodi ile ile, na pengine mmoja wao aliitamani nafasi hiyo. Kesho mfawidhi mpya atampangia zamu mtu huyo! Umemwachia ugomvi ambao hakuuanzisha. "Usitusahau" nayo ina mtego wake, maana anayepanga ratiba ya zamu akiombwa hadharani akumbuke rafiki zake, kila atakayepangiwa usiku mfululizo atajiuliza maswali. Futa zote mbili. Nyama choma na kreti? Mpigie simu umdai huko, tena umdai kwa nguvu.

3. Taja kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako

Hiki ndicho kidokezo cha vidokezo, kwa hiyo tulia nacho kidogo. "Mchapakazi", "mfano wa kuigwa", "umeupiga mwingi": jaribu kubadilisha jina, uweke la dereva, la mhasibu au la mwalimu. Bado inasomeka vizuri? Basi hujamsifu yeye. Jiulize hivi: alikuwa akifanya nini ambacho mimi niliyefanya naye kazi ndiye ninayekijua, na kilimsaidia nani?

Tumtazame dada yetu. Kila akiingia zamu, kabla hajakaa, huenda kwenye friji ya dawa, akasoma kipimajoto na kuandika kwenye chati. Kwa nini? Kwa sababu humo kuna oksitosini, sindano anayochomwa mama mara tu baada ya kujifungua ili asitoke damu nyingi. Dawa hiyo inataka ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto, nguvu yake hupungua, na kwa kuitazama tu kwenye kichupa chake huwezi kujua. Akitoka hapo anakagua trei ya dharura, kisha anamwita muuguzi mgeni aje akague naye. Umeona? Mtu aliyesoma hayo hahitaji kuambiwa kwamba dada huyu ni makini.

Chukua kitendo kimoja cha namna hiyo, kisizidi viwili. Ukiorodhesha kumi, posti itafanana na fomu ya tathmini.

4. Mgonjwa asiingie kwenye posti

Utashawishika kusimulia usiku ule mgumu alipomwokoa mama fulani. Acha! Hata usipotaja jina, ukishasema wiki, kijiji na idadi ya watoto, mtaa mzima umemjua, na siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Simulia anachokifanya muuguzi kila zamu, bila kugusa kisa cha mtu. Picha nayo iangalie mara mbili: ikuze, kisha kagua nyuma yake. Mara nyingi ubao wa wodi wenye majina ya wazazi unasomeka vizuri kabisa, au faili limeachwa wazi juu ya meza. Ni salama zaidi kumpiga picha nje, mlangoni.

5. Usikaze sana

Wapo wanaokimbia utani wakaangukia hotuba: "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kutoa pongezi zangu za dhati..." Pumua! Hujakabidhiwa kipaza sauti. Mwite jinsi mnavyomwita wodini mbele ya wagonjwa. Kama ni Sista, basi Sista. Kama ni mkubwa kwako na mmezoea kumwita Mama, endelea na Mama. Dua fupi nayo haina ubaya wowote, ndivyo tunavyoombeana heri. Kisha isome kwa sauti. Sentensi ambayo usingeweza kumwambia uso kwa uso, ipunguze.

6. Sasa iunganishe

Anza na cheo, fuata na kitendo na aliyenufaika nacho, malizia na heri. Hii hapa posti yetu ikiwa imeoga na kuvaa:

"Hongera sana, Sista, kwa kuteuliwa kuwa Muuguzi Mfawidhi wa wodi yetu ya wazazi. Kila zamu umeianza kwenye friji ya dawa na trei ya dharura, nasi tuliopokea zamu kwako tulijua dawa ziko salama na kila kitu kiko mahali pake. Wauguzi wapya umewafundisha kufanya hivyo hivyo, na wengi wao sasa hawasubiri kukumbushwa. Tunafurahi kuongozwa na wewe. Mungu akutangulie."

Jina lake kamili liweke baada ya "Sista" unapoibandika mahali pa wazi, ili wasiomjua wamjue. Kwenye grupu la wodi, sentensi ya kwanza na ya pili zinatosha. Wenzako wanasoma wakiwa wamesimama korido.

Na kama hukufanya naye kazi kwa karibu, usibuni kitendo. "Hongera sana kwa uteuzi, nakutakia heri katika majukumu mapya" ni ujumbe kamili na wa kweli, hauna haja ya kurefushwa. Lakini kama ulikuwa naye zamu moja, ukaona alivyoifungua ile friji asubuhi baada ya asubuhi, usimwishie na "hongera mamaa". Yaandike uliyoyaona, umtumie leo.