Mashine ya Kufulia Kabla ya Kubadili Mikono

Mara nyingi mashine ya kufulia nguo huondoka kwa mwenyewe ikiwa nzima, ikafika kwa mnunuzi imekufa. Hapo ndugu hugombana, huyu akidai kadanganywa, na yule akiapa kwamba jana tu alifulia mashuka. Huenda wote wawili wasema kweli. Ili tufahamu sababu, yatupasa kwanza kuijua mashine yenyewe ilivyo ndani.

Mashine yenye mlango mbele ina mapipa mawili, moja ndani ya jingine. Pipa la ndani ni la chuma kisichoshika kutu, lina matundu mengi, nalo ndilo lizungukalo pamoja na nguo. Pipa la nje halizunguki. Kazi yake ni kuzuia maji. Mapipa haya hayakukazwa kwenye sanduku la mashine. Yananing'inia kwa springi, na chini yameegemea shokapu mfano wa zile za gari. Tena pipa la nje limefungiwa mawe mazito ya zege ili mashine isirukeruke wakati wa kukamua nguo. Basi mzigo huo wote unaning'inia. Ukiupakia garini bila kuufunga, kila shimo la barabarani huupiga kwenye kuta za sanduku, na mwishowe springi huchomoka, au shokapu huvunjika, au pipa hupasuka.

Tuchukue mfano. Mwalimu mmoja wa Kampala ana mashine ya kufua kilo 7 za nguo, nayo ina umri wa miaka 9. Ataka kumwuzia mpwa wake aliyeko Mbarara, safari ya kilomita 270 hivi. Afanyeje?

Kwanza, aipime. Achomoe waya ukutani, afungue mlango, ashike ukingo wa pipa la ndani, alinyanyue na kulishusha. Mapipa yote mawili yakipanda na kushuka pamoja, hakuna neno, kwa sababu ndivyo springi zifanyavyo. Lakini pipa la ndani likicheza peke yake huku la nje limetulia, beringi zimekwisha. Kisha alizungushe kwa mkono na kusikiliza. Mashine nzima huzunguka kwa sauti laini; iliyoharibika hunguruma kama jiwe la kusagia. Ubaya huu huanzia kwenye sili iliyo nyuma ya pipa. Sili ikilika, maji huingia kwenye beringi, yakaosha grisi, na kutu ikafuata. Katika mashine nyingi za siku hizi pipa la nje limeunganishwa moja kwa moja, halifunguki kwa spana, hata fundi hulazimika kubadili pipa zima. Gharama yake yaweza kuishinda bei ya mashine kuukuu. Kwa hiyo mashine ingurumayo isiuzwe kama nzima; iuzwe kwa fundi atakaye vipuri, naye aambiwe wazi.

Ikiwa pipa ni zima, mwalimu aweke taulo kadhaa ndani, aiwashe, na kuitazama tangu mwanzo hadi mwisho: je, yavuta maji, yazunguka pande zote mbili, yapasha maji moto, yatoa maji, yakamua? Mpwa wake akiweza kuwapo, ni bora zaidi. Mtu akiigusa mashine na kuhisi umeme ukimtekenya, kazi isimame hapo hapo, ichomolewe, na asipewe mtu yeyote mpaka fundi wa umeme ameitengeneza.

Pili, aisafishe. Aweke sabuni ya unga kidogo, bila nguo, na kuiendesha kwa maji ya moto wa digrii 60 au zaidi. Aitoe droo ya sabuni na kuiosha. Aikunjue raba ya mlangoni na kuipangusa kwa kitambaa, kwa maana humo ndimo ukungu na harufu mbaya hukaa. Akitumia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, asiichanganye kamwe na siki wala ndimu. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo huumiza mapafu.

Tatu, atoe maji yaliyobaki. Hata mashine ikisema imemaliza, maji hubaki chini kwenye pampu. Afunge bomba la maji, achomoe umeme, na kungoja maji yapoe. Kisha aweke sinia na matambara chini, afungue polepole kifuniko kidogo kilicho chini upande wa mbele, na kutoa chujio. Humo atakuta vifungo, sarafu na nyuzi. Mipira ya maji nayo aifungue na kuikung'uta ndani ya ndoo. Maji haya yakiachwa, njiani humwagika juu ya mota na nyaya, na mashine ikiwashwa ingali mbichi huungua.

Nne, alifunge pipa. Mashine ilipotoka kiwandani ilikuwa na bolti ndefu za safari, mara nyingi 4, zilizopita mgongoni na kulishika pipa lisicheze. Aliyezitunza azirudishe na kuzikaza kwa spana. Aliyezipoteza atafute zilizo za aina ile ile. Akizikosa kabisa, afungue kifuniko cha juu na kushindilia sponji au blanketi nene kati ya pipa na kuta, pande zote, bila kuvuta waya wowote. Garini mashine isimame wima na kufungwa kwa kamba.

Kuna jambo moja la kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni. Mpwa atauliza, "Mjomba, bolti hizi za mgongoni ni za nini?" Ajibiwe mapema: zitolewe zote kabla ya kuiwasha, na sponji vilevile. Mashine ikikamua nguo ilhali pipa limefungwa, hutetemeka hata ikatembea sakafuni, na siku ya kwanza yaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Na mashine isiyofaa tena? Isiachwe uani kama ilivyo. Watoto hupenda kujificha, na mlango waweza kujifunga mtoto akiwa ndani. Kwa hiyo, siku ile ile, ichomolewe, waya wake ukatwe, na mlango uondolewe kabisa. Baada ya hapo fundi achukue pampu na vipuri vilivyo hai, na wanunuzi wa vyuma wachukue sanduku, pipa la ndani, na mota yenye nyaya zake za shaba au alumini. Nyaya zisichomwe moto ili kupata shaba, kwani plastiki yake hutoa moshi wa sumu. Zichunwe kwa kisu. Kapasita, yule mkebe mdogo ulio karibu na mota, usitobolewe. Katika mashine za zamani sana huwa na mafuta yenye sumu, na waweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Palipo na kiwanda cha kuchambua vyombo vya umeme vilivyokufa, kama kile cha Bugesera nchini Rwanda, yafaa vitu vya namna hiyo vipelekwe huko.

Maswali ya kujipima:
1. Utatambuaje kwamba ni beringi zilizokwisha, wala si springi zinazofanya kazi yake?
2. Kwa nini bolti za safari hulinda mashine garini, lakini huiharibu nyumbani?
3. Mashine imekufa leo jioni, na gari la vyuma litakuja wiki ijayo. Utafanya nini kabla ya kulala?