Kusoma Sensa ya Zamani: Kaya ya Abraham Lincoln, 1850 na 1860

Kijitabu hiki ni kwa yeyote anayetaka kuhakiki umri, kazi na kaya ya mtu mashuhuri wa karne ya 19: mwalimu wa historia, mwandishi wa wasifu, mwanafunzi wa chuo, au msomaji aliyekuta vitabu viwili vinavyopingana. Tutashika mfano mmoja hadi mwisho, nao ni kaya ya Abraham Lincoln katika mji wa Springfield, Illinois, Marekani. Tumeichagua kwa sababu maisha yake yanajulikana vizuri kutoka kwenye kumbukumbu nyingine. Kwa hiyo tunaweza kuona sensa inaposema kweli, inapokosea, na inaponyamaza.

Sensa ni nini hasa?

Mstari wa sensa ni jibu. Karani alibisha hodi, mtu fulani ndani ya nyumba akajibu, karani akaandika alichosikia. Katika sensa za Marekani za karne ya 19, karani hakutakiwa kuonyesha nani aliyemjibu. Aliyejibu angeweza kuwa baba, mama, mtumishi au jirani. Ni mwaka 1940 tu ndipo makarani walipotakiwa kuweka alama kwa mtu aliyetoa maelezo.

Jibu hilo lilinakiliwa pia. Mwaka 1850 sheria ilitaka orodha ibaki wilayani, nakala moja ipelekwe jimboni na nyingine Washington. Kila aliponakili mtu kwa mkono, nafasi ya kukosea iliongezeka.

Hatua ya kwanza: jua kanuni za sensa ya mwaka huo

Kabla ya kutafuta jina, uliza sensa ya mwaka huo iliuliza nini. Kuanzia 1790 hadi 1840, sensa ya Marekani iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Wengine wote walihesabiwa kwa makundi ya umri. Lincoln alikuwa na miaka 11 ilipofanyika sensa ya 1820. Mvulana wa umri huo alikuwa hesabu tu katika safu ya wavulana wa miaka 10 hadi chini ya 16, bila jina. Anayesema “nimemwona Lincoln katika sensa ya 1820” ameona tarakimu ambayo ingeweza kuwa ya mvulana mwingine yeyote wa nyumba ile.

Mwaka 1850 mambo yalibadilika. Kila mtu huru aliandikwa jina lake, umri, jinsia, rangi na mahali alipozaliwa. Watu waliokuwa utumwani waliwekwa katika orodha tofauti, chini ya jina la mmiliki, na kwa kawaida bila majina yao. Ukimtafuta mtu aliyezaliwa utumwani, kutomkuta kwa jina kabla ya uhuru wake hakumaanishi kwamba hakuwapo.

Hatua ya pili: tafuta picha ya ukurasa wenyewe

Picha za kurasa hizi zinapatikana bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Filamu za Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani zina namba M432 kwa mwaka 1850 na M653 kwa mwaka 1860. Jaza jina, mwaka, jimbo na wilaya. Kwa Springfield wilaya ni Sangamon.

Usiishie kwenye faharasa iliyochapwa. Aliyeichapa alikuwa anasoma mwandiko wa zamani: 4 hufanana na 9, L hufanana na S. Jina lisipotokea, acha jina la ukoo utafute kwa jina la kwanza, umri na mahali pa kuzaliwa. Ukishindwa, pitia kurasa za mji ule moja baada ya nyingine. Ukiipata familia, soma pia tarehe iliyo juu ya ukurasa na majirani walio juu na chini yake.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya umri

Sensa za 1850 na 1860 zilitaka umri wa mtu ulivyokuwa tarehe 1 Juni, hata kama karani alifika miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo umri haukupi mwaka mmoja wa kuzaliwa, bali hukupa dirisha la miezi 12.

Mwaka 1850 Lincoln ameandikwa ana miaka 40. Mwenye miaka 40 tarehe 1 Juni 1850 alizaliwa kati ya tarehe 2 Juni 1809 na 1 Juni 1810. Lakini Lincoln mwenyewe aliandika kwamba alizaliwa tarehe 12 Februari 1809. Alikuwa na miaka 41, na sensa imempunguzia mmoja. Mwaka 1860 ameandikwa ana miaka 51. Dirisha linakuwa kati ya 2 Juni 1808 na 1 Juni 1809, na Februari 1809 imo ndani. Sensa moja imekosea, nyingine imepatia.

Kosa la mwaka mmoja ni la kawaida, na halitoshi kumtilia mtu shaka. Robert, mwana mkubwa wa Lincoln, alizaliwa tarehe 1 Agosti 1843. Sensa ya 1850 inampa miaka 7, ingawa tarehe 1 Juni alikuwa bado na miaka 6. Karani aliyefika baada ya Agosti na kuandika umri wa siku ile, badala ya ule wa tarehe 1 Juni, angeandika hivyo hivyo.

Kwa Mary, mke wa Lincoln, tatizo ni kubwa zaidi. Mwaka 1850 ameandikwa ana miaka 28. Mwaka 1860 ameandikwa ana miaka 35. Katika miaka kumi amekua miaka saba. Madirisha yake mawili, moja la 1821 hadi 1822 na jingine la 1824 hadi 1825, hayakutani popote. Madirisha yasipokutana, angalau moja ni la uongo, na huenda yote mawili.

Hapo ndipo tunapopima umri kwa matukio. Mary na Abraham walifunga ndoa tarehe 4 Novemba 1842. Kama umri wa 1860 ni sahihi, bibi harusi alikuwa na miaka 17 au 18. Tena, Mary alihamia kwa dada yake Springfield mwaka 1839, na huko ndiko alikochumbiwa. Kwa hesabu ya sensa ya 1860 angekuwa amefika akiwa na miaka 13 hadi 15. Haiingii akilini. Tarehe yake ya kuzaliwa inayojulikana ni 13 Desemba 1818, na yenyewe inakubaliana na matukio yote: alihamia akiwa na miaka 20 na kuolewa akiwa na miaka 23. Mwaka 1860 alikuwa na miaka 41, si 35.

Je, Mary alidanganya? Sensa haiwezi kutuambia, kwa sababu haisemi nani alijibu. Mtafiti mwaminifu ataandika: “Sensa inampunguzia Mary miaka mitatu mwaka 1850 na sita mwaka 1860.” Ataishia hapo.

Hatua ya nne: soma kazi kwa kanuni ya mwaka wake

Mwaka 1850 Lincoln ameandikwa kuwa wakili. Mwaka 1860 ni wakili tena, mwenye mali isiyohamishika ya dola 5,000 na mali nyingine ya dola 12,000. Msomaji anaweza kushangaa. Kati ya 1847 na 1849 alikuwa mbunge huko Washington, na tarehe 18 Mei 1860 chama chake kilimteua kugombea urais. Mbona sensa haisemi?

Kwa sababu sensa iliuliza mtu anajipatia riziki kwa kazi gani. Ubunge ulikuwa umekwisha, na kugombea si kazi. Ukimtafuta mtu wako ukitegemea kukuta cheo alichojulikana nacho, unaweza kumpita bila kumtambua.

Kuna jambo jingine katika safu hiyo. Mwaka 1850 kazi iliulizwa kwa wanaume wa zaidi ya miaka 15 tu. Nyumbani kwa akina Lincoln yumo Catherine Gordon, miaka 18, mzaliwa wa Ayalandi, na mbele ya jina lake hakuna kazi. Si kwamba hakuwa na kazi, bali hakuulizwa. Kanuni ya 1860 iliingiza wanawake, na mwaka huo msichana mwingine wa miaka 18, M. Johnson, ameandikwa mtumishi. Tukilinganisha miaka miwili, tuna sababu nzuri ya kudhani kwamba Catherine naye alikuwa mtumishi. Lakini ni dhana, na iandikwe kama dhana.

Hatua ya tano: usichanganye kaya na familia

Uhusiano wa mtu na mkuu wa kaya haukuandikwa Marekani hadi sensa ya 1880. Kurasa za 1850 na 1860 hazisemi “mke” wala “mwana”. Kwamba Mary alikuwa mke na Robert mwana, tunajua kutoka kwenye kumbukumbu za ndoa na za kuzaliwa. Kwa mtu asiyejulikana sana, mwanamke aliyeandikwa chini ya mwanamume anaweza kuwa mke, dada, au mke wa pili asiye mama wa watoto wale.

Kuwa kwenye orodha si ushahidi wa kuwapo nyumbani. Mwaka 1860 Robert, miaka 16, ameandikwa pamoja na wazazi wake. Lakini tangu 1859 alikuwa shuleni Exeter, New Hampshire, mbali kabisa na Springfield.

Na kutokuwamo si ushahidi wa kutokuwapo. Sensa ya 1850 inaonyesha mtoto mmoja, Robert. Ya 1860 inaonyesha watatu: Robert wa miaka 16, Willie wa 9 na Thomas wa 7. Anayesoma sensa peke yake atahesabu wana watatu. Lakini tazama pengo la miaka saba kati ya Robert na Willie. Pengo kama hilo likutie shaka. Akina Lincoln walipata mwana mwingine, Edward, aliyezaliwa Machi 1846 na kufariki tarehe 1 Februari 1850, miezi minne kabla ya tarehe ya sensa. Kuanzia 1850 hadi 1880 kulikuwa pia na orodha za vifo vya miezi 12 iliyotangulia tarehe 1 Juni. Ukiona pengo kati ya watoto, zitafute.

Ikiwa mtu wako yuko kwingine

Kila nchi ina kanuni zake. Katika sensa ya Uingereza ya 1841, makarani walitakiwa kupunguza umri wa waliozidi miaka 15 hadi mafungu ya tano, hivyo mtu wa miaka 29 aliandikwa 25. Huko uhusiano wa wanakaya ulianza kuandikwa mwaka 1851. Kwa Marekani, karibu orodha zote za 1890 zimepotea baada ya moto wa Januari 1921 mjini Washington, basi usipoteze siku ukizitafuta.

Jinsi ya kuandika ulichokipata

Andika kwanza mstari wa sensa kama ulivyo, pamoja na makosa yake. Kisha andika kanuni ya sensa ya mwaka huo. Mwisho andika hitimisho lako na ushahidi mwingine unaoliunga mkono. Vitu hivi vitatu visichanganywe, ili atakayekuja baada yako aweze kuona ulipokosea na kukusahihisha. Usimpe mtu umri kwa sensa moja. Tafuta angalau mbili, na uzipime kwa tukio moja ambalo tarehe yake haina ubishi.