KUFUNDISHA BARUA RASMI NA BARUA YA KIRAFIKI: TUKIO MOJA, WASOMAJI WAWILI

Barua ni miongoni mwa tungo za kiuamilifu zinazofundishwa katika shule za upili nchini Kenya. Katika karatasi ya insha ya mtihani wa KCSE (102/1), mtahiniwa huandika insha mbili, kila moja ikiwa ya alama 20, na swali la kwanza, ambalo ni la lazima, kwa kawaida huwa la utungo wa aina hii. Walimu wengi kwa hivyo hutilia mkazo sura: anwani mbili kwa barua rasmi, anwani moja kwa barua ya kirafiki, mtajo, kichwa, tamati. Mkazo huo una haki yake, kwani miongozo ya kusahihisha huweza kumwondolea mtahiniwa hadi alama 4 kwa kukosa sura. Hata hivyo, sura hujifunzwa kwa vipindi viwili na husahaulika kwa nadra. Kinachowaangusha wanafunzi ni kile kinachoandikwa ndani ya sura hiyo.

Tazama aya hii, ambayo mfano wake hukutwa katika madaftari mengi. Mwanafunzi ametakiwa kuiandikia kamati ya basari akiomba msaada wa karo:

"Natumai hamjambo nyote kama mimi nilivyo buheri wa afya kama chuma cha pua. Dhamira kuu ya kuandika waraka huu ni kutaka kuomba kama mnaweza kunisaidia kwa karo. Nyumbani tuna shida chungu nzima na elimu ni ufunguo wa maisha. Tafadhali usiniangushe."

Anwani zote mbili zilikuwepo, tarehe ilikuwepo, na kichwa kilipigiwa mstari. Lakini mwenyekiti akimaliza kuisoma hajui mwombaji yuko kidato gani, anadaiwa shilingi ngapi, wala fedha zinahitajika lini. Isitoshe, mwandishi ameanza kwa kusema na watu wengi ("hamjambo", "mnaweza") akaishia kwa kumsihi mtu mmoja ("usiniangushe"). Kuyumba huku kwa nafsi si kosa la sarufi tu. Ni dalili kwamba hakuamua anamwandikia nani.

Dawa yake ni kuanzia kwa msomaji. Kabla ya kuandika lolote, mwanafunzi ajibu maswali matatu kwa maandishi: Msomaji huyu anajua nini tayari kuhusu jambo hili? Ana uwezo wa kufanya nini? Mimi ni nani kwake? Maswali haya huzaa matunda zaidi darasa linapopewa tukio moja na wasomaji wawili. Hapa tuchukue msichana wa Kidato cha Tatu ambaye hajamaliza kulipa karo. Aiandikie kamati ya basari, kisha amwandikie mjomba wake. Majina na anwani katika vielelezo vifuatavyo ni ya kubuni. Katika daftari, anwani ya mwandishi na tarehe hukaa upande wa kulia juu.

Kielelezo cha kwanza: barua rasmi

Shule ya Upili ya Mwambani,
S.L.P. 000,
KITUI.
12 Februari 2026

Mwenyekiti,
Kamati ya Basari ya Wadi,
S.L.P. 000,
KITUI.

Kwa Mwenyekiti,

KUH: KUOMBA BASARI YA KARO, MUHULA WA KWANZA 2026

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule iliyotajwa hapo juu. Ninaiomba kamati yako inisaidie kulipa salio la karo la shilingi 12,500 la muhula huu.

Karo ya muhula ni shilingi 20,000. Mama yangu, ambaye ndiye mlezi wangu wa pekee, amelipa shilingi 7,500 kutokana na biashara yake ya mboga. Msimu uliopita hatukupata pojo za kuuza, na kwa sababu hiyo hana njia nyingine ya kulipa kiasi kilichosalia. Shule imetupa muda hadi tarehe 27 Februari 2026.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka jana nilipata gredi ya B. Nimeambatisha nakala ya ripoti hiyo, taarifa ya karo yenye muhuri wa shule, na barua ya chifu. Ombi hili likikubaliwa, fedha zinaweza kulipwa moja kwa moja katika akaunti ya shule.

Nitashukuru kupata jibu la kamati kabla ya tarehe iliyotajwa.

Wako mwaminifu,
(sahihi)
Kanini Muthoka

Ombi limetajwa katika aya ya kwanza, pamoja na kiasi chake. Aya ya pili inajibu swali ambalo kila kamati huuliza: kwa nini familia hii haiwezi kulipa? Aya ya tatu inataja ithibati. Umaskini umeonyeshwa kwa hesabu, wala neno "shida" halikutajwa. Wanafunzi wengi hudhani kwamba barua ya kuomba msaada sharti ilie, ilhali mwenyekiti mwenye rundo la maombi mbele yake anatafuta tarakimu na muhuri.

Kichwa nacho kitazamwe. Baadhi ya wanafunzi huandika "KUH: BARUA YA KUOMBA BASARI". Kichwa hutaja jambo, si chombo kinacholibeba. Msomaji anaona wazi kuwa ameshika barua. Ufupisho "KUH:" unaweza kubadilishwa kwa "MINT:", yaani mintarafu, na katika ofisi za Tanzania hutumika zaidi "YAH:". Muhimu ni kuchagua mmoja.

Kielelezo cha pili: barua ya kirafiki

Shule ya Upili ya Mwambani,
S.L.P. 000,
KITUI.
12 Februari 2026

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tangu urudi Mombasa baada ya Krismasi sijapata nafasi ya kukuandikia, na sasa naandika wakati wenzangu wamelala. Kifua cha Nyanya kimepoa; alipokuja siku ya wazazi alitembea mwenyewe kutoka barabarani.

Mjomba, kuna jambo moja. Mama amelipa karo, lakini haikutosha. Kamati ya basari nimeiandikia leo hii, ila jibu huenda likachelewa. Nimesikia kwamba Mama anakusudia kumuuza yule mbuzi uliyetuachia, yule mwenye doa jeupe, naye yuko karibu kuzaa. Unamjua dada yako: hatakwambia mpaka mbuzi awe sokoni, kwa kuona haya.

Sikuombi pesa, kwa kuwa najua ulivyotuhangaikia mwaka jana. Nakuomba umpigie simu kabla ya siku ya soko. Ukiona ni sawa auzwe, mwambie hivyo ili moyo wake utulie. Ukiona asubiriwe azae, nawe umwambie. Tafadhali usimwambie kwamba ni mimi niliyekuandikia.

Wasalimie Shangazi na watoto. Mwambie Mutua bado ana deni langu la kitabu.

Mpwa wako akupendaye,
Kanini

Mambo yaliyotoweka katika barua ya pili yana mafunzo makubwa kuliko yaliyoongezwa. Shilingi 12,500 hazikutajwa, kwa kuwa mjomba haombwi kuzilipa. Gredi haikutajwa. Mama hajaelezwa kuwa "mlezi wangu wa pekee", kwani anayeandikiwa ni kaka yake. Kumweleza hivyo kungekuwa kumfanya mgeni. Badala yake kuna "Unamjua dada yako", kauli isiyowezekana kabisa mbele ya mwenyekiti. Barua rasmi hueleza kila kitu kana kwamba msomaji hajui lolote. Barua ya kirafiki hutegemea yale ambayo wawili hao wanayajua bila kuambiana.

Ni vyema mwalimu aonye pia kwamba urafiki wa barua hii una mipaka yake. Huyu ni mjomba, si mwanarika. Shikamoo imekuja mwanzo, na maamuzi ameachiwa yeye. Utani umehifadhiwa kwa Mutua. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba "barua ya kirafiki hutumia lugha legevu" ataingiza Sheng katika barua ya mjomba na kushangaa akikatwa alama.

Orodha ya kusahihishia

Katika mtihani, insha hupimwa kwa ujumla wake na kuwekwa katika kiwango kuanzia A hadi D. Utaratibu huo unamfaa mtahini mzoefu, lakini haumwonyeshi mwanafunzi alipoteleza. Orodha ifuatayo ni ya darasani, na wanafunzi wanaweza kuitumia wanapobadilishana madaftari.

1. Sura (alama 4). Anwani ni ngapi, na ziko mahali pake? Je, tarehe, mtajo, kichwa (kwa barua rasmi) na tamati vipo, na vinaoana na msomaji?
2. Maudhui (alama 8). Je, msomaji akimaliza anajua anaombwa kufanya nini, na lini? Ana kila taarifa anayohitaji ili atende? Kuna sentensi inayoweza kufutwa asikose chochote?
3. Rejista (alama 4). Je, msomaji ni yuleyule kutoka mwanzo hadi mwisho? Kuna kauli ambayo mwandishi asingethubutu kumwambia ana kwa ana?
4. Lugha (alama 4). Upatanisho wa ngeli, tahajia, uakifishaji na mpangilio wa aya.

Turudie ile aya ya "chuma cha pua", tukichukulia kwamba barua nzima iliendelea kwa namna hiyo. Sura ingepata alama 4 kamili. Katika maudhui, msomaji anajua tu kwamba anaombwa karo: alama 2. Katika rejista, salamu za kirafiki na kuyumba kwa nafsi huacha alama 1. Lugha ina tahajia safi na sarufi inayoeleweka, ijapokuwa "kutaka kuomba kama mnaweza" ni mzunguko usiohitajika: alama 3. Jumla ni 10 kwa 20, na mwanafunzi anaona wazi kwamba alama 9 kati ya 10 alizopoteza zimepotelea katika sehemu ya pili na ya tatu. Akiambiwa tu "C, jitahidi", angerudi kukariri anwani.

Kazi yote hii inahitaji vipindi vitatu vya dakika 40. Cha kwanza ni cha maswali matatu na kusoma vielelezo, cha pili cha kuandika barua zote mbili, na cha tatu cha kusahihishana. Katika darasa la wanafunzi 50 na zaidi, mwalimu hawezi kusoma barua 100 kwa juma. Akusanye kumi tu, tano za kila aina, na alinganishe alama zake na zile walizotoa wanafunzi. Wanapotofautiana katika sura, mwanafunzi hakusoma vizuri. Wanapotofautiana katika rejista, barua hiyo isomwe kwa sauti darasani, jina la mwandishi likiwa limefunikwa, na wanafunzi waulizwe wanadhani imeandikiwa nani.