Dondoo muhimu: Fedha za utafiti wa uwandani

Kabla ya kujaza fomu ya chuo, uliza kama fungu ni masurufu au ni la kurejeshewa. Masurufu hupewa kabla ya safari, ukirudi unayatolea hesabu na kurudisha bakaa. La kurejeshewa hukutaka utangulize fedha zako, na malipo yanaweza kuchukua miezi.

Usikate tiketi kabla ya barua ya idhini. Gharama iliyoitangulia barua hiyo kwa kawaida hukataliwa, hata risiti ikiwa halali.

Tuseme unakwenda Kigoma kuhoji wavuvi. Kwenye nyumba ya wageni, dai risiti ya EFD, kisha uipige picha siku hiyohiyo, maana maandishi yake hufifia. Dereva wa bodaboda hana mashine ya EFD, na hapo ndipo madai mengi hukwama. Chapisha fomu ya malipo yenye tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kiasi, jina la dereva, simu na saini yake. Muulize mhasibu mapema kama ataipokea, na hadi kiasi gani. Ijazeni wewe na dereva palepale barabarani. Safari zote zikiwa na mwandiko mmoja na kalamu moja, mhasibu atashuku, na ana haki.

Ukilipwa posho ya kujikimu, usidai tena risiti za chakula. Huko ni kulipwa mara mbili.

Funga hesabu ndani ya muda uliopangwa: mwenye masurufu ya zamani yasiyofungwa kwa kawaida hapewi mapya.