Somo la Wiki: Ripoti Iliyorudishwa Mara Mbili

Wiki iliyopita darasa la wakubwa liliuliza: "Mwalimu, kusimulia na kuripoti si kitu kimoja?" Jibu langu ni hadithi ya kazini. Wengi wenu mna mama, baba au shangazi anayefanya kazi kwenye nyumba za kulelea wazee hapa Temple Hills na kandokando ya barabara ya Branch Avenue, kwa hiyo mambo haya si mageni nyumbani kwenu. Majina ya watu na ya mahali sitayataja. Ripoti zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza, nami hapa nazieleza kwa Kiswahili.

Hadithi

Msimamizi wetu wa zamu ya usiku alikuwa mama mmoja kutoka Tanga. Chini yake walikuwamo wasaidizi wa wauguzi, wengi wao Waafrika Mashariki. Usiku mmoja, msaidizi kijana kutoka Nakuru alimkuta bibi wa chumba namba 14 yuko sakafuni. Alifanya yote yaliyopaswa: hakumwinua, alibonyeza kengele, akakaa naye mpaka muuguzi alipofika. Muuguzi alimpima, akampigia daktari simu, na bibi akapelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa. Huduma haikuchelewa. Ilibaki ripoti.

Saa kumi na mbili asubuhi yule dada alileta karatasi yake. Iliandikwa hivi:

*"Bibi alianguka usiku. Aliumia kidogo. Muuguzi aliambiwa."*

Msimamizi aliisoma, akairudisha.

"Mwanangu, hii siwezi kuipokea."

"Lakini Mama, si ndivyo ilivyokuwa?"

"Huenda ndivyo. Ila sasa hivi hospitali wamepiga simu. Wanauliza bibi alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Nitafutie jibu kwenye karatasi yako."

Jibu halikuwamo. Na swali lile halikuwa la bure. Bibi alikuwa akitumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mtu wa dawa hiyo akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja ndani polepole, na dalili zikaja baada ya saa nyingi. Kama hakuna aliyemwona akianguka, madaktari hawajui alianza kuumia lini. Wanachoweza kupata ni saa mbili tu: mara ya mwisho alipoonekana mzima, na alipokutwa sakafuni. Ajali imetokea katikati ya hizo mbili.

Msimamizi hakumwandikia. Alichora mistari mitatu pembeni mwa karatasi na kuandika maswali matatu: *Saa ngapi? Wapi mwilini? Nani aliona?* Yule dada akaketi, akaandika tena:

*"Saa 8:40 usiku bibi wa chumba 14 alianguka akienda chooni. Alivimba kichwa kidogo na kuumia mkono. Sakafu ilikuwa na maji kwa sababu zamu ya jioni hawakufuta."*

Imekuwa ndefu zaidi, na ukiipitia haraka utadhani imekamilika. Msimamizi akairudisha pia. Safari hii alivuta kiti, akamwagia chai, wakaipitia neno kwa neno.

"Saa 8:40 ni saa ngapi?"

"Saa nane na dakika arobaini za usiku, Mama."

"Kwetu, ndiyo. Daktari wa hapa akisoma 8:40 usiku, anaelewa bibi bado anatazama televisheni baada ya chakula cha jioni. Umemkosesha saa sita." Basi wakaandika kwa saa za tarakimu ishirini na nne: 02:40. Hapo hakuna wa kuuliza ni usiku au mchana, ni saa ya kwetu au ya kwao.

"'Alianguka.' Ulimwona akianguka?"

"Hapana. Nilimkuta yuko chini."

"Basi andika ulimkuta. Huenda aliteleza, huenda alizimia, huenda alijishusha mwenyewe akashindwa kunyanyuka. Ukiandika 'alianguka', daktari hataitafuta ile ya kuzimia."

"Na 'akienda chooni'?"

Yule dada alicheka kidogo. "Alinieleza mwenyewe, Mama."

"Vizuri. Hayo ni maneno ya bibi, si macho yako. Yaweke kama maneno yake."

Wakafika kwenye mwili. Kiswahili chetu husema *mkono* kuanzia begani mpaka kwenye vidole, na *mguu* kuanzia nyonga mpaka unyayoni. Nyumbani tunaelewana, kwa sababu anayesema anaonyesha kwa kidole. Karatasi haina kidole. Msimamizi akauliza: upande gani? Sehemu gani? Ukubwa gani? Na "kidogo" ni kiasi gani? Dada alikuwa ameupima uvimbe kwa rula ya karatasi pamoja na muuguzi, ila hakuona sababu ya kuandika.

Mwisho wakafika kwenye maji. "Ulijuaje ni zamu ya jioni?"

"Nilifikiri hivyo, kwa sababu sakafu ilikuwa na maji."

"Kando yake uliona nini?"

Dada akanyamaza, akikumbuka. Kulikuwa na kikombe cha plastiki kimelala ubavu chini ya meza ya kitandani, kitupu. Hapo walielewa wote wawili. Kwa sentensi moja ya kukisia, mama mmoja wa zamu ya jioni angeitwa ofisini kujibu kwa maji ambayo pengine hakuyajua.

Ripoti ya tatu ilikuwa hii:

*"02:10: Nilipita chumba 14. Bibi alikuwa kitandani, amelala, anapumua vizuri.*
*02:40: Nilimkuta amekaa sakafuni upande wa kulia wa kitanda, mgongo umeegemea kitanda. Sikumwona akianguka. Alisema: 'Nilitaka kwenda chooni.' Uvimbe juu ya sikio la kushoto, upana sentimita 2. Mchubuko nje ya kiwiko cha kushoto, urefu sentimita 3, hautoki damu. Sakafu kando yake ilikuwa na maji. Kikombe kitupu kilikuwa chini ya meza. Kengele ilikuwa imening'inia nyuma ya kichwa cha kitanda. Miguu haikuwa na viatu. Sikumwinua. Nilibonyeza kengele.*
*02:43: Muuguzi alifika."*

Msimamizi alitia sahihi. Soma tena sehemu ya kengele. Ripoti mbili za kwanza hazikuitaja kabisa. Bibi mwenye haja ya choo usiku, kengele iko nyuma ya kichwa chake asipofikia, angemwitaje mtu? Kuanzia siku ile, kila aliyepita chumba kile alihakikisha kengele imebanwa kwenye shuka, karibu na mkono wa bibi. Ripoti haikumtaja mkosaji hata mmoja, lakini ilionyesha kitu cha kurekebisha.

Wenzake wa zamu waliposikia, walianza kuogopa karatasi zao kurudi. Msimamizi akawawekea desturi: kabla ya kuandika, kaa na mwenzako umweleze kwa Kiswahili mambo uliyoyaona, naye kazi yake ni kuuliza tu, "Ulijuaje?" Kila jibu la "nilifikiri" linatoka, kila jibu la "niliona", "nilipima" au "aliniambia" linabaki. Halafu ndipo unaandika kwa Kiingereza. Aliwafundisha pia kwamba ukikosea neno, unapiga mstari mmoja tu juu yake, unaweka herufi za jina lako na tarehe. Usifute wala kupaka rangi nyeupe. Anayesoma lazima aweze kuona ulichoandika mwanzo, la sivyo atajiuliza unaficha nini. Karatasi ziliendelea kurudi kwa wiki kadhaa, kila mara zikiwa na maswali machache kuliko mara iliyotangulia.

Kiswahili kina ripoti zake

Watoto huniuliza kama Kiswahili kinafaa kwa kazi za namna hii. Nendeni Gombe, mkoani Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe pale Julai 1960. Mwezi Mei 1975, baada ya wanafunzi wanne kutekwa na waasi waliovuka ziwa, watafiti wa kigeni waliondoka. Wasaidizi wa utafiti, Watanzania, waliendelea kuwafuata sokwe na kuandika kwa Kiswahili nani alikuwa na nani, alikula nini, saa ngapi. Mwaka 1974 mmoja wao, Hilali Matama, alikuwa ameshuhudia kundi la sokwe likimshambulia dume wa kundi jingine, jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia. Ukiona jambo lisilotarajiwa, watu watakuamini kwa sababu ya namna unavyoandika ulichokiona.

Sarufi: vitenzi vinavyoficha na vinavyoonyesha

Tazameni vitenzi hivi:

- *Kikombe kimevunjika.* Tunajua hali yake. Hatujui kama kuna aliyekivunja.
- *Kikombe kimevunjwa.* Tunasema yupo aliyekivunja, hata kama hatumtaji.
- *Juma amevunja kikombe.* Tunamtaja.

Tofauti ni herufi chache, lakini ya pili na ya tatu zinahitaji ushahidi. Kama ulikuta vipande tu, ya kwanza ndiyo ya haki. Vivyo hivyo *maji yamemwagika* na *maji yamemwagwa*.

Msamiati

- *zamu*: muda wa kazi wa kundi moja kabla ya kupokewa na jingine
- *uvimbe*: sehemu ya mwili iliyofura
- *mchubuko*: jeraha la juujuu, ngozi ikiwa imekwaruzika
- *nyonga, paja, goti, ugoko, kifundo, unyayo*: sehemu za mguu, kutoka juu kwenda chini
- *bega, kiwiko, kiganja, kidole*: sehemu za mkono, kutoka juu kwenda chini
- *kukisia*: kusema jambo bila kuwa na hakika

Zoezi la nyumbani

1. Geuza kwa saa za tarakimu ishirini na nne: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa nne usiku, saa kumi alfajiri.

2. Mtoto mmoja aliandika: *"Mdogo wangu alidondosha simu ya mama kwa sababu alikuwa anacheza."* Yeye aliingia sebuleni simu ikiwa tayari iko chini, na mdogo wake amesimama karibu. Iandike upya ukibakiza yale tu aliyoyaona.

3. Mzazi na mtoto: mtoto aeleze kwa Kiswahili jambo moja lililotokea shuleni wiki hii. Mzazi asisahihishe lugha kwanza, aulize tu "Ulijuaje?" mara tatu. Kisha mtoto aandike sentensi tano, nasi tutazisoma darasani Jumamosi.

Majibu ya swali la kwanza, kwa wazazi watakaobishana na watoto: 07:00, 15:00, 22:00, 04:00.